Kuingia ulimwengu wa filamu za Marvel ukiwa hujui chochote: uanze na ipi, ufuate zipi

Anza na Iron Man ya mwaka 2008. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo akaenda kuitafuta, hatapotea. Anayetaka kujua kwa nini iwe hiyo na si nyingine, baada yake afuate ipi, aruke zipi bila kujuta, na afanyeje akialikwa kuona filamu mpya wiki ijayo ilhali hajaona hata moja, aendelee kusoma.

Ninazungumzia ulimwengu wa Marvel Studios, ule wa kundi la mashujaa linaloitwa Avengers. Kuanzia Iron Man mpaka Avengers: Endgame ya Aprili 2019 kuna filamu 22, na ukizikalia zote zinakaribia saa 50. Baada ya hapo zimekuja nyingine nyingi, pamoja na tamthilia. Lakini wingi peke yake si tatizo, maana watu wanamaliza tamthilia ndefu kuliko hizo kila mwaka. Tatizo ni kwamba filamu hizi zinakopeshana. Moja inachukua uadui ulioanzia kwenye nyingine, au urafiki, au uso wa mtu uliyepaswa kuwa umeshamjua. Anayeingia katikati anakuta watu wanalia na hajui msiba ni wa nani.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni ulimwengu wenyewe

Batman, Superman na Wonder Woman hawamo humu. Hao ni wa DC, kampuni nyingine kabisa yenye filamu zake. Hilo wengi wanalijua. Kinachochanganya zaidi ni Spider-Man, kwa sababu yeye ni wa Marvel katika vitabu vya katuni, lakini filamu zake zimetengenezwa upya mara kadhaa. Zile za Tobey Maguire, zilizoanza 2002, na zile mbili za Andrew Garfield, za 2012 na 2014, zilitengenezwa nje ya mfululizo huu. Spider-Man wa humu ni Tom Holland, na anaonekana kwa mara ya kwanza katika Captain America: Civil War ya 2016. Filamu za X-Men zilizoanza mwaka 2000 nazo zilikuwa na kampuni yake na hadithi yake.

Kwa hiyo usitosheke na neno Marvel kwenye kava, maana linaandikwa hata kwenye filamu ambazo hazihusiki. Tazama nembo inayofungua filamu: iwe imeandikwa Marvel Studios. Za mwanzo kabisa, kama Iron Man, zina nembo ya zamani ya Marvel peke yake, hivyo kwa hizo tegemea jina na mwaka.

Hatua ya pili: usiamini mpangilio wa folda

Watu wengi kwetu hupata filamu hizi zikiwa zimejazwa kwenye flashi au diski, na kompyuta huzipanga kwa alfabeti. Kwa mfululizo huu alfabeti ni adui mkubwa. Mpwa wangu alipewa flashi ya namna hiyo, akafungua folda na kuanza juu kwenda chini kama mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Baada ya siku chache akaniambia, “Mjomba, hawa watu wanagombana nini? Na yule mwenye ngao ametoka wapi?”

Tazama kilichompata. Avengers: Age of Ultron inatangulia kwa herufi, kisha inafuata Endgame, halafu ndiyo Infinity War, kwa kuwa E iko mbele ya I. Mwisho wa hadithi ukaja kabla ya filamu inayoleta msiba wenyewe. Filamu ya kwanza ya Avengers, ya 2012, imejificha kule chini kwenye herufi T kwa sababu jina lake linaanza na The. Civil War, ambayo ni ugomvi wa watu waliokuwa marafiki, inatokea kabla ya Captain America: The First Avenger, ambamo ndimo unapomjua huyo mwenye ngao. Hata Thor: Ragnarok ya 2017 inakaa juu ya Thor: The Dark World ya 2013.

Dawa yake ni ndogo. Kabla ya kutazama chochote, badilisha majina ya mafaili kwa kuweka mwaka mbele, hivi:

```
2008 Iron Man
2011 Thor
2012 The Avengers
2014 Captain America The Winter Soldier
```

Folda itajipanga yenyewe kwa mwaka wa kutoka. Filamu mbili zikiwa za mwaka mmoja, ongeza baada ya mwaka namba ya mwezi yenye tarakimu mbili, kama 02 au 11. Hilo lina maana hasa kwa 2018, ambapo Black Panther ilitoka Februari na Infinity War ikatoka Aprili.

Wapo watakaokushauri upange kwa miaka ya ndani ya hadithi: uanze na The First Avenger inayotokea wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, uje Captain Marvel inayotokea 1995, ndipo uingie kwa Iron Man. Kwa anayerudia, mpangilio huo una raha yake. Kwa mgeni ni mtego. Captain Marvel ilitoka Machi 2019, na watengenezaji walijua kwamba mtazamaji amekwisha mzoea Nick Fury, mkuu wa shirika la siri mwenye jicho moja. Humo unamkuta kijana mwenye macho mawili, na sehemu kubwa ya utamu ni kusubiri kujua jicho lilikwenda wapi. Mgeni hana cha kusubiri. Baya zaidi, majina yanapoanza kupanda mwishoni kinaletwa kipande kinachotokea baada ya Infinity War, na kinakumwagia siri kubwa kuliko zote kabla hujaifikia.

Fuata mwaka wa kutoka. Hadithi iliandikwa kwa mtu anayezipokea kwa utaratibu huo.

Hatua ya tatu: ipime filamu ya kuanzia

Filamu nzuri si lazima iwe mlango mzuri. Ninazipima kwa maswali matatu. Je, steringi anatambulishwa mle ndani, au inadhaniwa unamjua? Je, ugomvi mkuu unaanza na kuisha humo humo? Na je, pale ambapo filamu inataka ushtuke au uumie, sababu ya kuumia umeshapewa ndani ya filamu hiyo?

Swali la tatu ndilo linaloangusha nyingi. Chukua Captain America: The Winter Soldier, ambayo mashabiki wengi wataitaja kati ya tatu bora, na mimi ni mmoja wao. Unaweza kuielewa bila maandalizi, kwani ni hadithi ya ujasusi iliyonyooka. Lakini katikati yake, kwenye mapigano ya barabarani, kuna uso unafunuliwa, na filamu nzima imejengwa juu ya sekunde hizo. Aliyeona The First Avenger ananyanyuka kitini. Ambaye hajaiona anaona sura ya kijana asiyemjua. Kuanzia hapo ni kuitupa hazina.

Iron Man inafaulu maswali yote matatu bila kubanwa. Tony Stark ni tajiri anayetengeneza silaha, anatekwa Afghanistan baada ya msafara wake kushambuliwa, na anagundua kwamba silaha zilizomjeruhi zina jina la kampuni yake. Vipande vya chuma viko karibu na moyo wake, na kinachovizuia ni sumaku ya umeme aliyofungiwa kifuani, mwanzoni ikiwa imeunganishwa kwenye betri ya gari. Vazi la kwanza la Iron Man analifua pangoni kwa vyuma chakavu. Kila kitu unakiona kikizaliwa: kifaa cha kifuani, vazi, na ile dhamira ya kuacha kuuza silaha. Hata akili ya pambano la mwisho unapewa mapema, katika jaribio la kuruka ambapo vazi linaganda barafu angani. Ukilikumbuka hilo jaribio, mwisho utakufurahisha mara mbili.

Ipo sababu nyingine, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Hizi filamu 22, kwa umbo lake, ni safari ya Tony Stark kutoka kuwa mtu wa kujijali mwenyewe. Ukianza naye pangoni, ukifika Endgame utakuwa umemjua mtu. Ukiachana naye mwanzo, utaona vita kubwa yenye mwanga mwingi, basi.

Ukiitazama, mwangalie mwanamume mmoja mpole mwenye suti anayekuja mara kwa mara kuomba miadi na Stark na kila mara anacheleweshwa. Anaitwa Coulson. Utamdhania mpita njia. Shika sura yake, kwa sababu katika The Avengers utamhitaji.

Vipi kuhusu Black Panther? Kwetu huku watu wengi walianza nayo, na inaeleweka: Lupita Nyong'o wa Kenya ni Nakia, Florence Kasumba aliyezaliwa Uganda ni Ayo, askari wa kikosi cha wanawake, na Daniel Kaluuya, ambaye wazazi wake walitoka Uganda, ni W'Kabi. Kwa maswali yangu inafaulu karibu yote. Kifo cha baba yake T'Challa, ambaye ndiye Black Panther, kilitokea Civil War, lakini unakumbushwa kwa taarifa ya habari, na kisasi chenye uchungu kinachoiendesha hadithi, kilichoanzia Oakland mwaka 1992, kimo chote mle ndani. Utakachokosa ni kidogo: kwa nini muuza silaha Klaue hana mkono wake mmoja (aliupoteza Age of Ultron), na Mmarekani Ross amefahamiana vipi na mfalme. Kama hujui hata kama utazipenda filamu za mashujaa, ionje hiyo kwanza. Ukiipenda, rudi 2008 uanze safari, kisha uirudie zamu yake ikifika, kwa sababu Wakanda, nchi ya T'Challa, ina kazi kubwa katika Infinity War.

Guardians of the Galaxy ya 2014 nayo ni mlango mwepesi, iko mbali angani na haimdai mtu chochote. Udhaifu wake ni kwamba haikupeleki kokote kwa muda mrefu. Ukiimaliza, Avengers bado hawakujui.

Hatua ya nne: njia fupi ya filamu 12

Hii ni njia ninayompa mtu anayetaka kufika Endgame na kuumia panapostahili, bila kukalia zote 22. Ni kama saa 27 na nusu. Filamu mbili kila mwisho wa wiki, umemaliza kwa wiki sita.

Baada ya Iron Man, tazama Thor na Captain America: The First Avenger, zote za 2011, halafu The Avengers ya 2012. Thor si filamu kali sana, nakubali, lakini adui wa The Avengers ni Loki, mdogo wake Thor, na bila kuuona wivu wa yule kijana nyumbani kwao utamwona kama kichaa tu. The First Avenger inakupa Steve Rogers, yaani Captain America mwenyewe, mtu wa miaka ya 1940, na mchemraba wa buluu unaoitwa Tesseract ambao wote watakuja kuugombania. Unaweza kuiruka The Incredible Hulk ya 2008. Aliyeigiza Hulk humo ni Edward Norton, na kuanzia The Avengers ni Mark Ruffalo, ambaye anatambulishwa upya akiwa India anatibu wagonjwa. Iron Man 2 pia iruke, ila usishangae kwamba rafiki wa Tony, Rhodey, amebadilika sura: Terrence Howard aliigiza ya kwanza, na kuanzia ya pili ni Don Cheadle.

Hapo pumzika ujiulize. The Avengers ndiyo mtihani wa kweli. Kama mashujaa sita kukutana na kugombana kwenye chombo kimoja hakujakusisimua, hizi filamu si zako, na umetumia saa nane na ushee tu kulijua hilo.

Kama umesisimka, endelea na The Winter Soldier na Guardians of the Galaxy, zote za 2014, kisha Avengers: Age of Ultron ya 2015. Hii ya mwisho wengi watakuambia uiruke. Usiiruke. Wanda na Vision wanaingia hapo, na Civil War ya 2016 inaanzia kwenye lawama za kilichotokea Sokovia, nchi iliyoharibiwa katika Age of Ultron. Bila uharibifu huo kichwani, utaona Tony na Steve wanagombania karatasi ya kusaini.

Baada ya Civil War, nenda Thor: Ragnarok, Black Panther, Avengers: Infinity War, Avengers: Endgame. Ragnarok isizimwe majina yanapoanza kupanda. Kuna kipande kifupi cha chombo angani, na Infinity War inaanzia palepale kilipoishia.

Ulichoruka kina gharama, na ni vizuri uijue. Infinity War inahusu mawe sita yenye nguvu. Kwa njia hii utakuwa umeona matatu tu yakianza: la Tesseract, la fimbo ya Loki, na la Guardians. Moja lilianzia The Dark World na jingine Doctor Strange ya 2016, na la sita linatokea Infinity War yenyewe. Filamu inakueleza yote kwa maneno machache dakika za mwanzo, kwa hiyo tega sikio hapo, usiende kuchukua maji. Ukipata muda wa kuongeza filamu mbili, chagua Doctor Strange na Spider-Man: Homecoming. Ukipata wa nyingine mbili, weka Ant-Man ya 2015 mahali pake, na Captain Marvel kati ya Infinity War na Endgame.

Hatua ya tano: namna ya kutazama usikose kitu

Vipande vinavyokuja baada ya filamu kwisha ndivyo gundi ya ulimwengu huu. Cha Iron Man kiko mwisho kabisa, majina yote yakishapita: Nick Fury yuko gizani sebuleni kwa Stark, na hapo ndipo neno Avengers linapotamkwa. Mafaili mengi yanayozunguka mitaani yamekatwa majina ili yawe mepesi, na vibanda umiza vingi huzima mara tu steringi akishinda. Utajuaje yako imekatwa? Linganisha urefu. Iron Man ni kama dakika 126, The Avengers 143, Endgame 181. Ikipungua kwa dakika tano au zaidi, sehemu ya mwisho haimo.

Kuhusu filamu zilizotafsiriwa: ninazipenda, na kuna watafsiri wenye kipaji kweli. Lakini kwa mara ya kwanza tafuta nakala yenye sauti asilia na maandishi chini. Mtafsiri huongea juu ya mazungumzo, na mara nyingi humpa mhusika jina lake mwenyewe. Hadithi inayotegemea kumkumbuka mtu wa filamu tatu nyuma inahitaji jina lake libaki lilelile.

Ukipotea katikati, usiandike jina la mhusika kwenye mtandao. Kabla hujamaliza kuandika, mapendekezo ya utafutaji yatakuletea kifo chake. Andika jina kwenye karatasi, endelea, kisha muulize mtu aliyeziona. Kupotea kwa kawaida, ambapo hujui mtu fulani ni nani lakini unajua anataka nini, kutajirekebisha kwenyewe. Kupotea kubaya ni pale wahusika wanapomtazama mtu kwa mshtuko, muziki unanyamaza, na wewe huhisi kitu. Hapo simamisha, umeruka filamu uliyoihitaji.

Ukialikwa kwenye filamu mpya na muda huna

Hapa unafanya kinyume: unaanzia mwisho na kurudi nyuma. Chukua bango la filamu, orodhesha sura zilizomo, na kwa kila moja uliza ilitokea wapi ikiwa mhusika mkuu. Mfano ni Thunderbolts* ya Mei 2025. Kwenye bango wapo Yelena na baba yake Alexei, wote kutoka Black Widow ya 2021. Yupo Bucky kutoka filamu za Captain America. Yupo John Walker kutoka tamthilia ya The Falcon and the Winter Soldier yenye vipindi sita, na Ghost kutoka Ant-Man and the Wasp ya 2018. Kwa kuhesabu hivyo ni kazi ya wiki nzima. Lakini anayebeba hadithi ni Yelena, na huzuni yake imeanzia Black Widow. Tazama hiyo moja. Ukiwa na jioni ya pili, ongeza The Winter Soldier kwa ajili ya Bucky. Walker na Ghost utaelezwa na filamu yenyewe.

Kanuni hiyo inakataa kwenye filamu chache, na ni vizuri uzijue mapema. Doctor Strange in the Multiverse of Madness ya 2022 inategemea tamthilia ya WandaVision kiasi kwamba bila hiyo adui hana sababu. Deadpool & Wolverine ya 2024 inachota kwenye filamu za zamani za X-Men na kwenye tamthilia ya Loki. Ukialikwa kwenye mojawapo ya hizo na hujaona kitu, omba mbadilishe. The Fantastic Four: First Steps ya Julai 2025 inafaa badala yake, kwa kuwa inatokea kwenye dunia nyingine kabisa ambako hakuna Avengers wala historia yao, na familia ile unatambulishwa ndani ya dakika chache za kwanza.